Toa istilahi kwanza, vichwa baadaye

Kwa wenzangu mnaosomea uuguzi hapa Malindi: ukikaa na kurasa za noti zilizoandikwa mfululizo bila hata aya, usianze kwa kutafuta vichwa. Anza na maneno magumu. Kila palipo na "maana yake ni", pigia mstari, hamishia neno na maelezo yake kwenye karatasi nyingine, na kwenye noti bakiza neno lenyewe tu. Maelezo hayo ndiyo yanayokata mtiririko wa mhadhiri. Yakiondoka, hoja zinaonekana.

Chukua mhadhara wa malaria. Sporozoiti, merozoiti na gametositi zinakwenda kwenye orodha. Kinachobaki kinajibu maswali matatu: vimelea huingiaje mwilini, hufanya nini kwenye ini, na homa huletwa na nini vikishafika kwenye damu. Maswali hayo ndiyo vichwa vyako. Chini ya "Kwenye ini" panga hoja ndogo: vinazaliana ndani ya seli, mgonjwa bado hana dalili, kisha seli zinapasuka na merozoiti kumwagika kwenye damu. Sentensi isiyojibu swali lolote iweke pembeni kwa penseli, usiilazimishe. Mara nyingi ni mzaha wa mwalimu tu.

Njia hii hugoma kwenye mahesabu ya dozi, kwani huko maana ya neno ndiyo fomula yenyewe, na ukiitoa hatua zinakatika. Na orodha ikiwa ndefu kuliko noti, ujue umetoa hata maneno ya kawaida. Bakiza yale tu ambayo huwezi kumweleza mwenzio bila kufungua daftari.