Kabla ya kusimama kumtambulisha mgeni: tarakimu, tarehe, vyeo na vifupisho

Wasifu ambao mgeni hutuma kabla ya mkutano huwa umeandikwa kwa ajili ya macho. Anayeusoma anaweza kurudi nyuma na kuhakikisha kama sifuri zilikuwa tatu au nne, ilhali anayeusikiliza hana nafasi hiyo. Kwa hiyo mtambulishaji hana budi kuuandika upya kwa maneno, bila kuacha tarakimu hata moja, siku moja au mbili kabla ya shughuli. Tuchukue karatasi ya mfano yenye maelezo haya: «Dkt., Profesa Mshiriki. Alijiunga na WHO tarehe 5/6/2011. Ameandika vitabu 23. Mradi wake umewafikia watu 205,000.»

Tuanze na hiyo 205,000, kwa kuwa ndiyo yenye mtego mkubwa. Wengi wataisoma «elfu mia mbili na tano», na msikilizaji ana haki ya kuelewa 205,000 au 200,005, kwa sababu neno «na» halionyeshi kama hiyo tano ni ya maelfu au inasimama peke yake. Dawa yake ni kurudia neno la kipimo: «watu laki mbili na elfu tano». Iwapo hadhira haijazoea laki, sema «watu elfu mia mbili na elfu tano». Ni ndefu kidogo, lakini haina utata. Hata hivyo, katika utambulisho ni nadra mtu kuhitaji hesabu kamili, na kwa maoni yangu «zaidi ya watu laki mbili» inatosha, ilimradi mgeni mwenyewe ameridhia. Litangulize jina la kinachohesabiwa, kama sarufi yetu inavyotaka, ili msikilizaji ajue ni watu au ni fedha kabla namba haijamfikia.

«Vitabu 23» vina tatizo la namna nyingine, kwani tarakimu huficha upatanisho wa kisarufi. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubeba kiambishi cha ngeli, lakini sita, saba, tisa na kumi hazikibebi, na msomaji anayekutana na tarakimu kwa mara ya kwanza akiwa jukwaani mara nyingi hutamka «vitabu ishirini na tatu», kisha husita na kujisahihisha. Andika kwenye karatasi yako «vitabu ishirini na vitatu», na vivyo hivyo «miaka kumi na miwili».

Kuhusu 5/6/2011, usikisie. Wako wanaoanza na siku na wako wanaoanza na mwezi, kwa hiyo maandishi hayo yanaweza kuwa Juni au Mei, na ni mgeni peke yake anayejua. Akithibitisha kuwa ni Juni, kumbuka kwamba Juni na Julai hukaribiana sana zikipita kwenye kipaza sauti kibovu. Mimi husema «mwezi wa sita, mwaka elfu mbili na kumi na moja» na kuiacha siku, maana hakuna atakayeikumbuka.

WHO isomwe kwa jina lake kamili, Shirika la Afya Duniani, na ukihitaji kulitaja tena sema «shirika hilo». Kutaja herufi mojamoja kuna hatari yake: anayetamka A, E na I kwa namna ya Kiingereza husikika akisema «ei», «ii» na «ai», na aliyezoea irabu za Kiswahili anaweza kuandika I mahali pa E. Ni vyema pia kujua mapema kifupisho kipi husomwa kama neno, mfano UNESCO na UKIMWI, na kipi hutajwa kwa herufi, kama VVU.

Kwa upande wa vyeo, «Dkt.» hutamkwa «Daktari», na hapo wasikilizaji wengi watafikiria hospitali. Kama shahada yake ni ya uzamivu katika historia, ongeza maneno mawili matatu yanayosema hivyo. Maneno kama Mshiriki, Kaimu, Naibu na Mstaafu yasidondoshwe wala kuongezwa; mpigie mgeni simu, umsomee cheo chake neno kwa neno, na umsikilize anavyokitamka.

Mwisho, msomee mwenzako utambulisho wote mara moja tu, kwa mwendo utakaoutumia ukumbini, naye akiwa na kalamu aandike kila namba, mwaka na jina la taasisi anavyovisikia bila kuiona karatasi yako. Akiandika 200,005, sentensi hiyo haijawa tayari.