Kabla ya kuliandika neno ubaoni: kulichunguza jina la duka mjini Tabora

Anayefungua duka kwa kawaida huanza na mtaji, fremu na leseni, halafu jina hulitafuta siku fundi wa mabango anapouliza aandike nini. Jina hilo likiwa ni la mtu au la kijiji halina shida kubwa, kwa sababu watu wamekwisha kulizoea. Linapokuwa neno la Kiswahili lenye maana yake, mambo hubadilika, kwa kuwa neno halitoki kamusini peke yake. Huja na misemo, utani, imani na makosa ya matamshi ya watu watakaolitamka kila siku.

Tuchukue mfano wa dada anayetaka kufungua duka la vitenge, madira, mitandio na manukato mjini Tabora, karibu na Soko Kuu, ambaye ameandika kwenye daftari majina matatu anayoyapenda: Ubani, Chumo na Fahari. Yote matatu ni maneno ya heshima na hakuna hata moja linaloweza kuitwa tusi. Hata hivyo kila moja lina jambo lake la kuangaliwa kabla rangi haijanunuliwa.

Hatua ya kwanza ni kamusi, na kamusi isiwe moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015 zinatosha kwa kazi hii. Kosa linalofanywa na wengi ni kusoma maana ya kwanza, kuridhika nayo na kufunga kitabu. Maana zenye namba zisomwe zote hadi ya mwisho, kisha yatazamwe maneno mengine yanayoandikwa vilevile lakini yakaingizwa kamusini peke yake kwa kuwa ni maneno tofauti. Mtu akisoma kuwa kitambi ni kipande cha nguo ya kujifunga, asipoendelea mbele, anaweza kuliita duka lake la nguo Kitambi na kumkumbusha kila mteja tumbo lake.

Neno ubani ni mfano mzuri wa maana ya pili. Maana ya kwanza ni ile ya utomvu mkavu unaochomwa kwenye chetezo ili utoe harufu nzuri, na kwa duka la manukato inafaa kabisa. Maana ya pili ni fedha wanazopewa wafiwa, ambazo wengine huziita rambirambi. Katika familia za Tabora zenye asili ya pwani maana hii haihitaji kuelezwa. Sasa neno hilo liwekwe katika sentensi ambazo wateja watazisema wenyewe. “Natoka Ubani.” “Nimepeleka hela Ubani.” “Umepita Ubani leo?” Anayesikia sentensi hizo barabarani bila kuliona duka atauliza nani amefariki, na jina ambalo mwenye duka alilichagua kwa ajili ya harufu nzuri litakuwa limempeleka msikilizaji matangani. Duka la vifaa vya maziko lingeweza kulichukua jina hilo bila wasiwasi, lakini anayeuza nguo za harusi ni bora aliache.

Kipimo hiki cha sentensi kinafaa kwa jina lolote, hasa majina ya sifa njema ambayo watu huyakimbilia. Neno liandikwe kwenye sentensi kama tano za kawaida: ya kwenda dukani, ya kutoka, ya kudaiwa, ya duka kufungwa, na ya bidhaa kuwa mbovu. Amani ni neno zuri mpaka mtu aseme kwamba Amani imefungwa, na Uaminifu huwa kichekesho siku kitenge cha Uaminifu kinapochuja rangi kwenye beseni. Majina ya namna hii hayana lazima ya kukataliwa, ila mwenye duka ayasikie maneno hayo mapema kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Chumo lina tatizo la aina nyingine, ambalo kamusi haiwezi kulionyesha kwa kulitazama neno lenyewe. Kwa maana ya kamusi, chumo ni pato, kile mtu anachokipata kwa kuchuma, na kitenzi hicho ndicho kinachotumika kwa matunda na kwa mali. Lakini nchini Tanzania mtu akisikia mzizi huo mahali penye droo ya fedha, mawazo yake huenda haraka kwenye chuma ulete, ile imani kwamba kuna noti inayolipwa dukani kisha ikarudi kwa mwenyewe kwa njia za kishirikina ikiwa imeziburuta noti nyingine. Wenye maduka na mawakala wa fedha huzungumza juu yake mara kwa mara. Katika mikoa ya Tabora na ya jirani upande wa Ziwa Victoria kuna pia maneno ya ndagu, yaani utajiri unaosemwa kuwa umepatikana kwa waganga na kwa sharti baya, na kwa hiyo duka jipya likianza kuuza vizuri maneno hayo hayakawii. Mwenye duka anaweza asiamini hata chembe ya habari hizo, lakini jina halisomwi na yeye. Kwa maoni yangu Chumo ndilo linalostahili kufutwa bila kujadiliwa zaidi, kwa sababu utani wa Ubani humalizika kwa kucheka, ilhali tuhuma ya ushirikina humfuata mtu hadi nyumbani.

Limebaki Fahari, na hapa uchunguzi unahama kutoka kwenye maana kuingia kwenye sauti. Sauti ya r si ya asili katika Kinyamwezi wala katika Kisukuma, kwa hiyo wapo wanunuzi wengi, hasa wanaoingia mjini kutoka Uyui, Urambo au Nzega, ambao hutamka l pale penye r. Jambo hili si la kuchekwa, maana kila mtu huongea na ulimi aliolelewa nao, lakini mwenye duka ni lazima alihesabu. Neno fahari kwa matamshi hayo huwa fahali, na fahali ni dume la ng'ombe. Duka la madira ya akina mama litaitwa dume, na vijana wa bodaboda hawatahitaji kufundishwa utani wenyewe.

Njia ya kulipima jina kwa sauti ni rahisi. Kila penye r iwekwe l, na kila penye l iwekwe r, kisha itazamwe kama kinachopatikana ni neno. Lulu ikiwa ruru haipatikani maana yoyote, kwa hiyo kosa hilo halina madhara. Msikilizaji atalirekebisha mwenyewe kichwani. Mahali likiwa mahari tumeshaingia kwenye posa, na hali ikiwa hari tumepata joto na jasho. Hatari ipo pale tu ambapo kosa linazaa neno jingine lenye maana kamili, tena lenye kuelekea kwenye bidhaa au kwa mwenye duka. Baada ya hapo jina liandikwe kwa herufi kubwa, kama litakavyokuwa kwenye bango, kisha lisomwe pamoja na maneno yatakayolizunguka, kwa maana jina huweza kuwa salama likiwa peke yake na likaharibika likikaa juu ya orodha ya bidhaa.

Kuuliza watu kunafuata, na hapa wengi hukosea namna ya kuuliza. Anayeuliza “Jina hili zuri?” atajibiwa kwamba ni zuri, kwa sababu adabu inataka hivyo. Neno litajwe peke yake, bila kusema kuwa ni jina la duka, kisha mtu aulizwe amekumbuka nini kwanza. Aulizwe bibi wa mtaani, fundi cherehani, mwanafunzi wa sekondari, dereva wa bodaboda na mtu aliyekuja mjini siku hiyohiyo na basi la wilayani, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake ili jibu la wa kwanza lisiwavute wengine. Kwa maneno yenye maana ya aibu mitaani, mtu mzima hatamwambia binti, na kijana hatamwambia mama wa makamo. Atainama na kusema halijui. Kimya cha namna hiyo kichukuliwe kuwa ni jibu, na swali lipelekwe kwa wa rika na jinsia ya muulizaji au kwa mtani, ambaye kwa desturi ana ruhusa ya kusema yale ambayo wengine wanayameza. Lugha ya mitaani hubadilika haraka kuliko kamusi inavyoweza kuifuata, na vitumbua vinavyouzwa asubuhi kwa heshima zote vimepata maana yao ya pembeni ambayo haipatikani kamusini.

Tuseme dada huyu, baada ya yote hayo, anaegemea jina Mtandio. Halina r wala l, linasemwa kwenye nyumba za Waislamu na za Wakristo, na sentensi zake zote tano ni salama. Kasoro yake ni kwamba lina jirani anayejulikana kuliko lenyewe. Mtu akilisikia harakaharaka, au simu ikijisahihishia maandishi, huwa Mtandao, na wateja wengine watakuja kuuliza vocha. Kasoro hiyo inavumilika, na neno moja la ziada, kama Mtandio Mavazi, huipunguza.

Kabla ya kumlipa fundi, jina litafutwe kwenye mfumo wa usajili kwa mtandao wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili majina ya biashara, kwa kuwa jina linalofanana mno na lililokwisha kusajiliwa hukataliwa. Hapa kuna jambo ambalo wauza nguo hulisahau. Kusajili jina la biashara hakulifanyi neno kuwa alama ya biashara, kwani alama husajiliwa chini ya sheria nyingine, na neno linalotaja bidhaa yenyewe ni gumu kukubaliwa kuwa alama ya mtu mmoja. Mtandio kwa duka la mitandio liko katika kundi hilo, kwa vile haiwezekani kumzuia jirani kuandika kwamba anauza mitandio. Kama dada anakusudia duka moja mjini Tabora, jina la biashara linamtosha. Akiwa na nia ya kushona madira na kuyatia lebo yake mwenyewe ili yauzwe Mwanza au Dodoma, atafute neno lililo mbali na bidhaa, nalo alipitishe upya kwenye kamusi, sentensi, sauti na watu, kisha ndipo alipeleke kwenye usajili, na bango liandikwe mwisho.