Barua kwa mume mwenye madeni ya kubeti

Barua ya kwanza niliirarua. Ilikuwa na "kwa nini" saba. Ya pili ilianza hivi: "Baba Amani, nimeona Fuliza ya shilingi 4,300 na meseji mbili za mkopo wa simu. Sitaki tugombane. Nataka tujue jumla, halafu tupange pamoja."

Andika ulichokiona tu, usikisie. Na usimuulize anadaiwa pesa ngapi, kwa sababu aibu humfanya mtu ataje nusu. Wangu alisema elfu 15, kumbe ni 41. Mwombe mkae pamoja aitishe taarifa ya M-Pesa ya miezi sita kwa *334#. Meseji hufutwa, lakini taarifa bado huonyesha kila pesa iliyoenda kubeti. Aitishe mwenyewe; ukimshikia simu akiwa amelala, barua yako imekufa.

Niliongeza mstari mmoja: "Mwezi huu kodi nitamlipa landilodi mwenyewe, si kwamba sikuamini." Pesa ikiingia kwenye laini yenye Fuliza, deni hukatwa kwanza, na kodi ingepungukiwa bila yeye kuigusa.