SOMO: Dolby Vision, HDR10+ na ALLM kwenye gemu, na konsoli ipi inatoa nini

Wakuu, kila wiki naulizwa PM: "Nimenunua TV ya Dolby Vision, mbona PS5 haiwashi?" Naandika mara moja hapa, ukiniuliza tena nitakutumia kiungo cha uzi huu.

Jibu la swali hilo ni kwamba PS5 haitoi Dolby Vision. Inatoa HDR10, ambayo huipa TV maelezo ya mwanga mara moja tu, yakatumika mwanzo hadi mwisho. Dolby Vision na HDR10+ hutuma maelezo hayo upya kadiri picha inavyobadilika, ndiyo maana zinaitwa za metadata badilifu. Kwenye gemu, Xbox Series X na Series S ndizo zinazotoa Dolby Vision, tangu Septemba 2021. HDR10+ Gaming ni ya kompyuta iliyounganishwa na TV au kioo kinachoikubali, hasa Samsung za kuanzia 2022. Switch 2 inatoa HDR10.

Upande wa TV: Samsung haina Dolby Vision. LG na Sony hazina HDR10+. Hisense na TCL nyingi zina zote mbili, lakini kuwa nayo kwa filamu si kuwa nayo kwa gemu. Soma hatua ya 4.

Mfano wangu ni LG C1 ya 2021, yenye Xbox Series X na PS5.

1. Tumia kebo iliyokuja na konsoli.

2. Kwenye TV, washa "HDMI Deep Colour" kwa mlango uliochomeka. Samsung wanaiita "Input Signal Plus", Sony "Enhanced format".

3. Washa ALLM na VRR kwenye konsoli. Xbox ziko ndani ya "Video modes", PS5 ndani ya "Video Output". ALLM ni ishara tu inayoiambia TV "ingia Game Mode". Haiongezi kasi yoyote ya ziada. VRR yenyewe ni TV kubadilisha Hz zake zifuate fremu za gemu. Kama TV yako haina ALLM, weka Game Mode kwa rimoti na utapata kasi ile ile.

4. Kwa wenye Xbox: ukiwasha "Dolby Vision for Gaming", fungua gemu la HDR, kisha angalia orodha ya aina za picha kwenye TV. C1 inaonyesha "Game Optimizer" hata ikiwa ndani ya Dolby Vision, na baada ya sasisho la 2021 inafanya hivyo hadi 4K kwa 120 Hz. Kama TV yako inaonyesha Cinema, Standard na Vivid tu, bila ya gemu, basi inapitisha picha kwenye uchakataji wa filamu. Utabonyeza pedi na mchezaji atachelewa kupiga pasi. Kwenye Game Mode C1 huchelewa takriban milisekunde 10 kwa 60 Hz. Kwenye picha za filamu TV nyingi huzidi hapo mara kadhaa. Dawa: zima "Dolby Vision for Gaming" peke yake. Filamu zitaendelea kupata Dolby Vision na gemu zitarudi HDR10.

5. Kurekebisha HDR ya PS5. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, nawaomba msome taratibu.

Kabla hujagusa "Adjust HDR", ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV, tafuta "Dynamic Tone Mapping" na uchague "HGiG". Ukiwa HGiG, TV inaonyesha mwanga kama ulivyotumwa mpaka ukomo wake, kisha inakata. Kwa C1 ukomo huo ni karibu niti 800 kwenye eneo dogo la kioo. PS5 itakuonyesha alama kwenye skrini mbili za mwanzo. Panda kidogo kidogo, simama pale alama inapotoweka. Skrini ya tatu ni ya giza. Kwa OLED shuka mpaka chini kabisa.

Ukifanya zoezi hilo huku Dynamic Tone Mapping iko "On", TV inaukandamiza mwanga ili alama isipotee. Utapanda na kupanda, alama bado ipo, na PS5 itaamini TV yako inafika niti elfu kadhaa. Baada ya hapo gemu linatuma mwanga ambao kioo hakiwezi. Ukija kuweka HGiG baadaye, mawingu na miale ya jua itageuka doa jeupe lisilo na umbo. Ukiona hivyo usilaumu gemu, rudia zoezi.

Tahadhari: fanya ukiwa tayari kwenye Game Optimizer, kwa sababu kila aina ya picha ina mipangilio yake. Na baadhi ya gemu hazifuati zoezi la PS5. Zina vipimo vyao ndani, vitafute kwenye menyu ya gemu lenyewe.

---

Mbezi_Gamer: Mkuu nina Samsung mpya, ninunue kebo gani ili Xbox itoe Dolby Vision?

Mleta uzi: Hakuna kebo ya hivyo. Samsung haina Dolby Vision, nimeandika juu. Tumia HDR10.

kaka_tz: TV yangu boksi limeandikwa HDMI 2.1, halafu unatuambia tukague. Kwa hiyo watengenezaji wanadanganya?

Mleta uzi: Sijasema wanadanganya. Jina HDMI 2.1 halimlazimishi mtengenezaji kuweka kila kitu. TV inaweza kuwa na ALLM bila 120 Hz na bado ikaandikwa hivyo. Kwenye Xbox fungua "4K TV details", itakuorodheshea TV yako inakubali nini. Hiyo ndiyo iamini, siyo boksi.

Binti_Pangani: Samahani kiongozi, nina Samsung ya zamani kidogo yenye FreeSync. Xbox ya mdogo wangu inapata VRR lakini PS5 yangu inasema haikubaliki. TV ni ile ile, mlango ule ule. Kwa nini?

Mleta uzi: Swali zuri sana dada. Xbox inaelewa lugha mbili za VRR: FreeSync ya AMD, na ile ya HDMI 2.1. PS5 inaelewa ya HDMI 2.1 peke yake, iliyoongezwa kwa sasisho la Aprili 2022. TV yako inajua FreeSync tu, kwa hiyo haijaharibika, wala hakuna cha kubadilisha kwenye PS5. Na hata kwenye TV inayokubali, VRR ya PS5 inafanya kazi kati ya 48 na 120 Hz, kwa hiyo gemu linalokwenda fremu 30 halitasaidika sana.

mwenye_kibanda: Mimi nina kibanda cha gemu, PS4 tupu. Kuna la kunihusu hapa?

Mleta uzi: Lipo mkuu. PS4 haina ALLM wala VRR, kwa hiyo TV haitahama yenyewe. Weka Game Mode kwa mkono kwenye kila TV, na umeme ukikatika kagua kama imebaki. Wateja wanaolalamika pedi ni nzito, mara nyingi TV iko kwenye Standard.

Binti_Pangani: Asante sana. Na nikipitisha PS5 kwenye saundiba kwanza?

Mleta uzi: Saundiba nyingi hazipitishi 120 Hz wala VRR. Chomeka konsoli kwenye TV, sauti itoke kwa eARC. C1 eARC iko HDMI 2. Wenye Sony muwe makini: kwenye nyingi, HDMI 3 ndiyo eARC na pia ni mmoja wa milango miwili tu ya 4K 120, kwa hiyo saundiba ikikaa hapo unabaki na HDMI 4 peke yake.

kaka_tz: Na kwenye LG nitajuaje VRR inafanya kazi kweli?

Mleta uzi: Ukiwa ndani ya gemu, bonyeza kitufe cha kijani cha rimoti mara kadhaa mfululizo. Kitatokea kiboksi chenye namba ya Hz. Ikipanda na kushuka unapocheza, VRR ipo. Ikiganda kwenye 60 au 120, haijawaka.