Salamu imekaa kutwa bila jibu: utume tena au ungoje?

Alhamisi moja nilikuwa natafuta viti 200 vya arusi ya Jumamosi, Kisauni. Saa tatu na dakika kumi asubuhi nikamwandikia mwenye viti mmoja wa Changamwe kwenye WhatsApp: "Asalaam aleikum." Nikaweka simu, nikaendelea na habari za turubai. Saa tano, kimya. Saa saba, kimya, tiki mbili za kijivu. Nikaanza kumjengea kesi kichwani: huyu anilenga, au ni lile deni la mazulia nililochelewesha? Saa tisa nikashindwa, nikaandika, "Mbona kimya, kaka?"

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili. "Waaleikum salaam. Kimya gani? Salamu niliitikia kwa mdomo, nikangoja useme. Wataka nini?"

Nilipotaja viti, vilikuwa vimeshatoka. Mtu mwengine alikuwa amemwandikia saa nne, salamu na idadi kwa pamoja, akapewa. Basi somo la leo ni hilo: umeshatuma salamu tupu, saa zimepita, sasa wafanyaje.

Kwanza, soma tiki, lakini usizisome kupita kiasi

Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako na haujafika kwenye simu yake. Huenda hana bando, simu imezimika, au yuko mahali pasipo na mtandao. Tiki mbili za kijivu, umefika. Mbili za buluu, ameufungua. Ukitaka saa zenyewe, bonyeza ujumbe wako kwa muda kisha uingie Info (kwenye aifoni uvute ujumbe kushoto). Utaona Delivered na Read, kila moja na saa yake.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Ujumbe mrefu humlazimu mtu aufungue ndipo ausome wote. "Asalaam aleikum" yasomeka yote pale juu ya kioo, simu ikiwa bado imefungwa. Mtu ameiona, ameitikia kwa mdomo (na kuitikia salaam ni wajibu, kwa hiyo roho yake imetulia, amelipa deni), kisha amerudi kwenye kazi yake. Tiki zabaki kijivu mpaka magharibi. Mwenye viti wangu alifanya hivyo hasa. Na wapo waliozima Read receipts, ambao hata wakisoma mara kumi hutaona buluu.

Kwa hiyo kijivu si ushahidi kwamba hajasoma, na buluu si ushahidi kwamba amekudharau. Aliyefungua salamu tupu mara nyingi akungoja wewe. Wewe wamngoja yeye. Mnangojana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja amwambia mwenzake tangulia.

Pili, uamue kama ni wa kungoja

Kama ni tiki mbili, za rangi yoyote, usingoje. Wengi huuliza ni saa ngapi za adabu kabla ya kutuma tena, saa mbili, saa nne, kesho. Hesabu hiyo yafaa pale ambapo umeuliza jambo na mwenzio analifikiria. Salamu haina cha kufikiriwa. Hujauliza kitu, kwa hiyo hujanyimwa jibu, na ujumbe wa pili si usumbufu. Ndio ujumbe wa kwanza wenye maneno ndani. Utume dakika ile ulipokumbuka.

Nazuia nyakati chache tu. Ijumaa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane mchana, mtu yuko msikitini au njiani. Mwezi wa Ramadhani, asubuhi nzima wengi wamelala na wenye biashara huamka kweli baada ya tarawehe, kwa hiyo saa nne ya usiku ambayo miezi mengine ni utovu wa adabu, mwezi huo ni saa ya kazi.

Kama ni tiki moja, kuongeza wa pili hakusaidii kitu. Utajipanga foleni nyuma ya ule wa kwanza, na akiwasha data zitamwagika zote pamoja. Tuma esemesi ya kawaida, maana haihitaji bando kwake, au piga.

Tatu, andika jambo, si kimya

Ujumbe wa pili una mtego mmoja: twaandika kuhusu kimya badala ya kuandika shida yetu. "Uko?" "??" "Mbona wanichunia?" "Samahani kwa usumbufu, sijui kama umeona ujumbe wangu." Yote manne yamfanya mwenzio ajitetee kabla hajajua wataka nini, na bado viti hujavitaja. Hata ile samahani ina kidole ndani yake, yamkumbusha kwamba hakujibu.

Salamu pia usiirudie. Imeshafika, ya pili yake yageuka kugonga mlango kwa nguvu.

Hivi ndivyo ningeandika siku ile, hata saa nne tu:

"Kaka, natafuta viti vya plastiki 200, arusi ya Jumamosi hii, Kisauni. Nitavichukua Ijumaa jioni kwa gari yangu, nivirudishe Jumapili asubuhi. Vipo? Kama vimetoka niambie tu, nitajaribu kwengine, hakuna neno."

Tazama mpangilio. Viti na idadi viko mwanzo, kwa sababu maneno ya mwanzo ndiyo yanayoonekana juu ya kioo. Siku na mahali vimefuata ili asirudi kuniuliza. Swali ni moja, na lajibika kwa neno moja akiwa amesimama feri ya Likoni na mkono mmoja una mzigo. Na ile "kama vimetoka niambie tu" si mapambo. Mtu asiyekuwa na kitu ndiye anayenyamaza zaidi, kwa sababu kumwandikia mtu "sina" ni kuzito, hasa mkijuana. Ukimfungulia mlango wa kukataa, atajibu upesi, nawe utajua mapema.

Usijaribu kuihariri salamu ya zamani uingize maneno. WhatsApp yaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15 tu, na hata ukiwahi, simu ya mwenzio haitalia tena, kwa hiyo hatajua kwamba kumeongezwa kitu. Kuifuta nako kwaacha alama kwamba kulikuwa na ujumbe ukafutwa, na hapo umemzulia wasiwasi mpya.

Nne, baada ya hapo, simu mara moja

Umetaja jambo na bado kimya? Sasa kimya hicho kina maana kidogo. Jambo la siku ile ile, mpe saa moja au mbili kisha piga mara moja. Hakushika, mtafute mwengine, na umwandikie kwamba umepata ili asikuwekee. Ujumbe wa tatu wa kuuliza kitu kile kile mimi situmi.

Maswali ya wanachama

*Wa Mtongwe: Kwa wazee je? Nikimwandikia mama mkwe "Shikamoo" na shida papo hapo ataniona sina adabu. Lazima aitikie marahaba kwanza.*

Ana kwa ana ni kweli, huwezi kumrukia mtu mzima na shida. Kwenye maandishi weka shikamoo, mstari, umuulize hali, kisha shida, vyote katika ujumbe mmoja. Marahaba ataisema akisoma. Kama umeshatuma shikamoo peke yake na amenyamaza, usimuandikie tena, mpigie. Wazee wengi hufurahia sauti, na huenda miwani haiko karibu.

*Wa Bamburi: Nimeshatuma "Niaje", "Uko poa?" na "Wewe" kwa siku moja. Nimejiharibia?*

Kwa rafiki hapana, kwa mteja kidogo. La nne liwe shida yenyewe, bila kuomba radhi kwa yale matatu. Akiona lina maana atayasahau.

*Wa Tudor: Ni msichana, si viti. Nilimwandikia "Mambo" jana jioni. Buluu. Hakuna kitu.*

"Mambo" kutoka kwa mtu asiyemjua vizuri hana la kuijibu isipokuwa "poa", na mazungumzo yafa hapo hapo. Wengi huona afadhali wasianze. Una ujumbe mmoja. Uwe juu ya kitu mlichokizungumza mkiwa pamoja, wenye swali ambalo yeye tu aweza kulijibu. Akinyamaza na huo, huko ndiko kujibu. Usipige.

*Wa Tudor tena: Na kama amenibloku nitajuaje?*

Tiki hukaa moja siku nyingi, picha yake huioni, Last seen huioni, na ukimpigia kwa WhatsApp haipiti. Lakini kila moja ya hizo ina sababu nyengine pia: simu kuharibika, mipangilio ya faragha, bando kuisha. Wewe una buluu, kwa hiyo ulipotuma ulikuwa hujablokiwa. Lala.

*Wa Kongowea: Mimi ndiye muuzaji. Kutwa napokea "Hello" tupu ishirini. Nifanyeje?*

WhatsApp Business ina Greeting message, yajibu yenyewe mtu anapokuandikia mara ya kwanza au baada ya siku 14 za kimya. Usiandike "Karibu, tutakujibu hivi punde", maana hiyo nayo ni salamu tupu. Andika "Waaleikum salaam, karibu. Taja bidhaa, idadi na mtaa ulipo." Na nyinyi wanunuzi mjue: ukipata jibu sekunde ile ile, hiyo ni mashine, hakuna aliyekusoma bado. Endelea useme shida yako.

*Wa Mikindani: Kwa nini nisitume sauti tu? Napenda sauti.*

Ina faida moja: sauti ikisikilizwa, alama ya maikrofoni yageuka buluu hata kwa aliyezima Read receipts. Hasara yake, aliye kwenye matatu au mbele ya wateja hawezi kuisikiliza, na juu ya kioo haionyeshi neno hata moja la shida yako. Idadi na tarehe ziandike, sauti iwe ya kupiga soga.

*Wa Kisauni: Na viti ulipata? Maana arusi hiyo nilikuwepo na nilikaa.*

Nilipata 120 Magongo na 80 kwa jirani wa msikiti. Kama ulikaa kile cheupe chenye mguu unaotikisika, hicho ni cha jirani. Wote wawili niliwapigia.