Kabla ya kuagiza vali ya kudhibiti maji: mambo ya kuzingatia katika hesabu ya Kv

Kosa linaloharibu vali nyingi za kudhibiti hufanyika mezani, kabla hata flanji haijafunguliwa. Mtu huangalia bomba ni la DN80, akaagiza vali ya DN80. Ukubwa wa bomba haukuambii vali ipitishe maji kiasi gani. Kinachokuambia ni Kv, yaani mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa moja wakati presha inapungua kwa baa 1 kati ya upande wa kuingilia na wa kutokea. Vali ikiwa wazi kabisa, namba hiyo huitwa Kvs, na ndiyo utakayoikuta kwenye katalogi.

```
Kv = Q × √(SG / ΔP)
```

Q ni mtiririko kwa mita za ujazo kwa saa, ΔP ni tofauti ya presha kwa baa, na SG ni uzito wa maji yako ukilinganishwa na maji safi. Kwa maji ya bomba weka 1. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, lakini hilo lisikusumbue hapa: hata maji ya bahari yenye SG ya 1.025 hivi huongeza Kv kwa asilimia 1 tu. Chumvi itaamua vali iwe ya madini gani, wala haigusi ukubwa wake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Uzito wote uko kwenye ΔP, kwa hiyo tukae hapo.

Tuchukue mfano wa kiwanda Changamwe. Kwa sababu ya mgao, maji hupokelewa kwanza kwenye tangi la chini, kisha pampu huyasukuma kupitia bomba la DN80 hadi mahali palipo juu kwa mita 12. Panahitajika mita za ujazo 20 kwa saa kazi ikipamba moto, 12 siku za kawaida, na 5 usiku. Fundi anafunga maji, anawasha pampu, anasoma geji: baa 4.3. Anatoa baa 1.2 za ule mwinuko wa mita 12, anabaki na 3.1. Anagawanya 20 kwa kipeuo cha pili cha 3.1, anapata Kv ya 11.4, anaagiza vali ya Kvs 16 akijua amejiachia nafasi ya kutosha.

Vali hiyo haitatoa 20 kamwe. Ile 4.3 ni presha ya pampu isiyopitisha maji. Maji yakianza kwenda, presha ya pampu hushuka, na msuguano kwenye bomba la mbele hula sehemu yake. Kwenye mfano huu, mtiririko ukiwa 20, geji kabla ya vali inasoma 3.0, na baada ya vali zinahitajika 2.0: 1.2 za mwinuko na 0.8 za msuguano. Vali imebakiwa na baa 1.0 tu, na Kv inayotakiwa ni 20. Hiyo ya Kvs 16, hata ikifunguka yote, itaishia 18 hivi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kikokotoo, pata presha mbili kwa kila mtiririko, maji yakiwa yanakwenda. Kama bomba lipo tayari, weka geji ya kwanza umbali wa vipenyo 2 vya bomba kabla ya vali na ya pili vipenyo 6 baada yake; ukiiweka karibu zaidi, msukosuko wa maji unakupa kisomo cha uongo. Kama halijajengwa, tumia mchoro wa pampu na hesabu ya msuguano, ukikumbuka kwamba msuguano hufuata mraba wa mtiririko. Na usome tangi likiwa limeshuka: mita 2 za kina ni baa 0.2, na katika baa 1.0 hiyo ni sehemu ya tano nzima.

Tukiendelea na mfano, kwa mtiririko wa 12 presha ya kuingilia inapanda hadi 3.8 na ya kutokea ni 1.5, kwa hiyo Kv ni 7.9. Kwa 5, ni 4.2 na 1.25, na Kv ni 2.9. Tazama kilichotokea: maji yamepungua mara 4, lakini Kv imepungua karibu mara 7. Mtiririko unaposhuka, tofauti ya presha juu ya vali hupanda, na vali inalazimika kujibana zaidi ya unavyodhani. Ndiyo maana hesabu ya mtiririko mkubwa peke yake haitoshi.

Sasa chagua. Katalogi nyingi hupanda hivi: 16, 25, 40, 63, 100. Kv yetu kubwa ni 20, na jicho linakimbilia 25, ambayo kwa kawaida ni vali ya DN40. Lakini vali ndogo kwenye bomba la DN80 inahitaji redusa pande zote mbili, na redusa hula uwezo: 25 inabaki kama 23.5. Kama vali ni ya aina ya asilimia sawa, ambayo kila hatua ya fimbo huongeza uwezo kwa uwiano uleule, kufikia 20 kutaitaka ifunguke karibu asilimia 96. Hakuna akiba iliyobaki siku bomba litakapoota ukoko.

Kvs 40, DN50, inabaki 38 baada ya redusa, na kwa mitiririko yetu mitatu itafunguka kama asilimia 83, 60 na 34. Hiyo ndiyo ya kununua. Ile ya DN80 yenye Kvs 100 ingefanya kazi asilimia 59, 35, na usiku 10 tu. Kwenye asilimia 10 kizibo kinakaa juu kidogo ya kiti chake, maji yanachirizika kwa kasi kwenye mwanya mwembamba na kukata mistari kwenye kiti. Utaitambua kwa kutazama: fimbo haitulii, inapanda na kushuka, na sindano ya geji inacheza nayo. Baadaye vali ikifungwa maji yanaendelea kupita. Watu hulaumu kidhibiti na kukirekebisha wiki nzima, kumbe vali ni kubwa mno.

Ile 4.3 ya geji usiitupe. Ndiyo presha ambayo kiendeshi kitapambana nayo kufunga vali. Kiti cha kipenyo cha milimita 50 chini ya baa 4.3 kinasukumwa kwa njutani 840 hivi, kabla hujaongeza msuguano wa pakini na nguvu ya kubana kiti. Kiendeshi dhaifu kitaacha maji yapenye, na dalili yake hufanana na kiti kilicholika.

Mwisho, kabla ya kulipa, angalia herufi kwenye bamba. Katalogi za Marekani hutumia Cv, inayopimwa kwa galoni za Marekani kwa dakika na psi 1. Kv ya 1 ni Cv ya 1.156, kwa hiyo Kvs 40 yako ni Cv 46. Vali iliyoandikwa Cv 40 ni Kv 34.6 tu, na baada ya redusa inabaki kama 33.5. Kwenye oda andika herufi, namba na kipimo chake, pamoja na zile jozi tatu za presha na mtiririko, ili muuzaji naye arudie hesabu yako.