Somo: CT imesema mshipa umebana asilimia 60, waya ya presha inasema 0.84, tumwamini nani?

Nimeulizwa hili swali mara nyingi mpaka nimeona bora niliandike lote sehemu moja. Mi kazi yangu ni chumba cha katheta, yaani ule mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mishipa mpaka moyoni, nakaa kwenye ile mashine ya presha wakati daktari anapitisha waya wenye sensa ya presha, kwa hiyo ntaeleza kama ninavyoiona kutoka kwenye kiti changu. Tutamfuata mgonjwa mmoja tu, mzee wa miaka 58, kilo 70, kifua kinabana akipanda ngazi, akipumzika kinaachia. CT yake ilionyesha mbano wa asilimia 60 katikati ya LAD, yaani ule mshipa mkubwa unaoshuka mbele ya moyo.

Hatua ya 1: jua CT ilipima nini

CT inapiga picha ya umbo la mshipa. Damu haipimi. Mgonjwa anapewa betabloka kama metoprololi ili mapigo yashuke, ikiwezekana chini ya 60 kwa dakika, maana moyo unaokimbia unatoa picha iliyotikisika, alafu anawekewa naitrogliserini chini ya ulimi mishipa ifunguke, anachomwa dawa ya kontrasti, anabana pumzi sekunde chache, imeisha.

Sasa shika hesabu hii. LAD ya huyu mzee upana wake pale pazima ni milimita 3. Ukisema imebana asilimia 60 maana yake njia iliyobaki ni milimita 1.2. Na CT ya kawaida kitu kidogo inachoweza kukitenganisha ni kama nusu milimita hivi. Msomaji wa picha akikosea nusu milimita upande mmoja, njia inakua 1.7 na mbano unageuka asilimia 43, akikosea upande wa pili njia inabaki 0.7 na mbano ni 77. Mshipa ule ule! Na hapo hatujagusa kalsiamu, ambayo kwenye CT inang'aa na kuonekana nene kuliko ilivyo, kwa hiyo ukuta wenye kalsiamu nyingi unafanya njia ionekane nyembamba kupita ukweli. Ya huyu mzee ilikua na kalsiamu pale pale kwenye mbano.

CT nguvu yake iko kwenye kukanusha. Ikisema mishipa ni misafi, karibu kila mara ni kweli na mtu anaenda nyumbani. Shida ni hapa katikati, 50 mpaka 70.

Hatua ya 2: elewa kwa nini umbo halitoshi hata ukipima bila kosa

Tuseme umepata 60 kamili, Mungu shahidi. Bado hujui kama damu inapungua, maana inategemea mshipa unalisha msuli mkubwa kiasi gani. Mbano wa 60 kwenye LAD inayolisha ukuta wote wa mbele unapitiwa na damu nyingi, kwa hiyo presha inayopotea pale ni kubwa. Mbano huo huo kwenye tawi dogo, au kwenye mshipa unaolisha sehemu iliyokwisha kufa na kubaki kovu, unapitiwa na damu kidogo na presha haishuki sana. Urefu wa mbano nao una neno lake.

Kwenye utafiti wa FAME uliotoka mwaka 2009 walipima hili, na katika mibano ambayo kwa macho ilikua asilimia 50 mpaka 70, ni kama 35 tu kati ya 100 ndio ilizuia damu kweli kwa kipimo cha FFR, yaani kile cha waya wa presha tutakachokiona hatua ya 3. Iliyokua 71 mpaka 90, kama 80 kati ya 100. Hapo walitumia picha za katheta, ambazo ni kali kuliko CT, na macho bado yalidanganya.

Hatua ya 3: pima presha mwenyewe

FFR ni kugawanya tu. Presha ya baada ya mbano (Pd) unaigawa kwa presha ya kabla, kwenye mshipa mkuu (Pa), wakati damu inapita kwa wingi wake wote.

```
FFR = Pd / Pa
```

Ukipata 0.84 maana yake mshipa huo, ukisukumwa mpaka mwisho, unapitisha asilimia 84 ya damu ambayo ungepitisha kama mbano usingekuwepo. 0.80 kushuka chini tunahesabu unazuia damu. Juu ya hapo stenti, yaani kile kibomba cha kupanua mshipa, kwa kawaida inasubiri.

Kazi inaanza na kuweka sifuri, transdyusa, yaani kile kipima presha cha katheta, unaiweka usawa wa moyo, sio usawa wa kitanda wala usawa wa mkono wako. Kisha heparini damu isigande, naitrogliserini ndani ya mshipa ili usije ukapima mkakamao ukadhani ni mbano. Waya unapelekwa mpaka sensa itoke tu kwenye mdomo wa katheta, na kumbuka sensa haiko kwenye ncha, iko kama sentimita 3 nyuma yake. Hapo unazisawazisha presha mbili ziwe namba moja. Kile kisindano cha kupitishia waya kitoe kabisa kabla ya kusawazisha, maana presha inavuja pale na Pa inashuka uongo. Baada ya hapo waya unapita mbano na sensa inakaa mbali chini ya mshipa.

Ndio inakuja adenosini, dawa ya kufungua vimishipa vidogo ili damu ipite kwa wingi wake wote, maikrogramu 140 kwa kila kilo kwa dakika, kwa mzee wetu wa kilo 70 ni miligramu 9.8 kila dakika kwenye mshipa mkubwa wa vena. Mwambie kabla: kifua kitabana, utahisi pumzi inakata, dakika mbili tu tukizima inaondoka. Asipoambiwa anashtuka, anajigeuza na waya unahama.

Hatua ya 4: rudisha waya, usiruke hii

Hapa ndipo somo lote lilipo. Kwa mzee wetu namba za kwanza zilikua Pa 90, Pd 71.

71 kwa 90 ni 0.79. Chini ya mstari. Daktari alishaanza kuulizia saizi ya stenti, na CT ilisema 60, kifua kinabana, kila kitu kinakubaliana, nani atabisha. Nikamwomba bosi turudishe sensa kwenye mdomo wa katheta kwanza. Pale haina mbano wa kupima, zinatakiwa zilingane. Zikasoma Pa 91, Pd 86.

Yaani sensa ilikua imeteleza milimita 5 za zebaki, inasoma chini kuliko ukweli. Ukiirudishia zile 5, Pd ya mwanzo ni 76 na FFR ni 0.84. Lakini hatusahihishi kwa kalamu, tunapima upya. Tukasawazisha tena, tukapeleka waya, adenosini tena, Pa 91 na Pd 76, 0.84, tukarudisha na safari hii zikalingana. Mzee hakuwekewa stenti kwenye ule mshipa, akaendelea na dawa.

Sensa ikiteleza milimita 1 au 2 tunavumilia kama namba iko mbali na 0.80. Ikizidi 3, rudia. Na kama uko 0.79 au 0.81 hata 2 inageuza uamuzi.

Kosa la kinyume nalo lipo, katheta nene inaziba mdomo wa mshipa, wimbi la Pa linalala na kupoteza ile kona yake ya katikati, Pa inashuka na damu yenyewe haiingii vizuri, FFR inapanda na unamwacha mtu mwenye shida. Dawa yake ni kuvuta katheta nyuma kidogo itoke mdomoni wakati unapima.

MASWALI

Nesi wa wodi ya moyo: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tunawazuia kahawa na chai kabla ya FFR? Wagonjwa wanatulaumu sana.

Marahaba dada. Kafeini inakaa kwenye kile kile kiti adenosini inachotakiwa kukaa. Kwa hiyo vimishipa vidogo havifunguki vyote, damu haifiki wingi wake wa juu, presha haishuki ipasavyo, na FFR inatoka nzuri kuliko hali halisi. Ndio maana mnawazuia tangu siku iliyotangulia. Walaumu tu.

Daktari mwanafunzi: Si tupime mgonjwa akiwa ametulia tu, kwa nini tumtese na adenosini?

Kwa sababu akitulia vimishipa vya chini vinajifungua vyenyewe kufidia mbano, mpaka damu ya mapumziko inabaki ya kutosha hata kwenye mbano mzito, ndio maana hata mzee wetu akikaa haumwi. Ila swali lako lina jibu lingine pia: iFR inapima bila adenosini, kwenye kipande cha pigo ambapo moyo umelegea, na mstari wake ni 0.89 sio 0.80. Tafiti mbili kubwa za 2017 zilionyesha kuongozwa nayo sio kubaya kuliko FFR. Usichanganye tu mistari, nimeshaona mtu anasoma iFR 0.86 anasema safi kabisa.

Mtoto wa mgonjwa: Mama yangu CT imeandikwa FFR-CT 0.74, hawakumwingizia waya wowote. Hiyo namba wameitoa wapi? Wametubunia?

Hapana kaka, hawakubuni, ila ni namba ya kukokotolewa. Kompyuta inachora mishipa yote kutoka picha ile ile ya CT, inakadiria msuli unahitaji damu kiasi gani, kisha inapiga hesabu za mwendo wa kimiminika kana kwamba amepewa adenosini. Picha ikiwa chafu kwa kalsiamu au mtikisiko na hesabu inachafuka. Cha kuuliza daktari wake: hiyo 0.74 imesomwa wapi? Namba hizi zinashuka taratibu kadri unavyoenda mwisho wa mshipa hata bila mbano mkubwa, kwa hiyo inatakiwa isomwe kama sentimita 1 mpaka 2 baada ya mbano. Kama wamesoma kule ncha kabisa, ni habari tofauti.

Fundi mwenzangu: Mibano miwili kwenye mshipa mmoja, FFR 0.70, ipi ya kutibu?

Hiyo 0.70 ni ya yote miwili kwa pamoja, usiigawe kwa makadirio. Acha adenosini iendelee, vuta waya polepole unaangalia skrini, pale presha inaporuka ghafla ndipo penye mzigo. Itibiwe ile yenye mruko mkubwa alafu upime upya, maana ya kwanza ikifunguliwa damu inaongezeka na ile iliyobaki inaweza ikaonyesha makali ambayo ilikua imeyaficha. Nimewahi kuona mruko wa 4 ukawa 11 baada ya stenti ya kwanza.